Shoka la Ndevu na Ngao ya Duara: Namna ya Kunasa Ukingo, Kuuvuta na Kupiga

Waskandinavia wa zama za Waviking, yaani kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 hadi katikati ya karne ya 11, walikuwa na shoka ambalo makali yake hayakuishia usawa wa tundu la mpini, bali yaliteremka chini kama kidevu chenye ndevu. Wao wenyewe waliliita skeggøx, na maana ya neno hilo ni shoka la ndevu. Jan Petersen, mwanaakiolojia wa Norwei, alipopanga silaha za zama hizo katika makundi mwaka 1919, aliyapa mashoka herufi kuanzia A hadi M, na ndevu hizo zinaonekana waziwazi katika baadhi ya makundi yake ya mwanzo. Mwongozo huu unahusu jambo moja ambalo shoka hilo hulifanya vizuri kuliko shoka la kawaida, nalo ni kunasa ukingo wa ngao ya duara, kuuvuta, na kufungua njia ya pigo.

Hakuna kitabu cha mafunzo kilichoandikwa na Waviking wenyewe. Tunachofundisha kinatokana na umbo la vitu vilivyofukuliwa, visa vya Waislandi vilivyoandikwa baadaye, na majaribio yetu uwanjani. Kwa hiyo kila hatua iliyomo humu nimeieleza pamoja na sababu yake, ili msomaji aweze kuijaribu mwenyewe badala ya kuniamini tu.

Ielewe ngao kwanza

Watu wengi huanza na shoka, na hapo ndipo wanapokosea. Ndevu za shoka zinafaa kwa sababu ya namna ngao ile ilivyoshikwa, na mtu asiyeijua ngao atavuta kwa nguvu nyingi bila kupata kitu.

Katika meli iliyofukuliwa Gokstad, Norwei, mwaka 1880, zilipatikana ngao 64, yaani 32 kila upande, zikiwa zimepakwa rangi nyeusi na ya njano kwa kupishana. Upana wake ulikuwa takriban sentimita 94. Zilitengenezwa kwa mbao nyembamba za msonobari zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na pembezoni mwake kulikuwa na matundu madogo ambayo huenda yalikuwa ya kushonea ngozi ya ukingo. Katikati ya ngao ya aina hii hukatwa tundu, kwa mbele tundu hufunikwa na bakuli la chuma, na kwa nyuma hupita ufito mmoja ambao mpiganaji huushika kwa ngumi. Hakuna mkanda wa kupitisha mkono. Ngao yote inashikiliwa na ngumi moja iliyo katikati.

Hebu jaribu jambo hili kabla hujagusa shoka. Shika ngao ya mazoezi yenye upana wa sentimita 90, kisha mwenzako atundike kwenye ukingo wa kando mfuko wenye pakiti mbili za unga za kilo 2. Kilo 4 si mzigo. Mtoto anazibeba kutoka dukani. Lakini zikining'inia sentimita 45 kutoka kwenye ngumi yako, zitaizungusha ngao kama usukani, na baada ya muda mfupi kiganja chako kitasalimu amri. Umbali kati ya ukingo na ngumi ndio unaompa mvutaji ushindi. Yeye anavuta kwa mwili mzima kwenye ukingo, nawe unazuia kwa kifundo cha mkono peke yake.

Ngao inaweza kugeuzwa kwa njia tatu. Ukivuta ukingo wa juu kuelekea kwako, itainama mbele na kichwa cha mpinzani kitabaki wazi. Ukivuta ukingo wa kando kuelekea kwako, itafunguka kama mlango kwenye bawaba zake, na bawaba ni ile ngumi. Ukiusukuma ukingo wa kando kwenda chini, itazunguka kama usukani, jambo ambalo halifungui sana ila linamchosha mwenye ngao.

Kwa nini ndevu hunasa

Chukua shoka la kawaida la kuni, lile ambalo upande wake wa chini unapanda kwa mteremko kutoka ncha ya makali hadi kwenye mpini. Litundike juu ya ukingo wa ubao uliosimama, kichwa kikiwa ng'ambo ya ubao, kisha livute kuelekea kwako. Utaona ubao ukiteleza juu ya ule mteremko, shoka likainuka na kuachia. Sasa fanya vivyo hivyo kwa shoka la ndevu. Upande wa ndani wa ndevu unashuka sambamba na mpini, au karibu hivyo, na kati yake na mpini panabaki nafasi ambayo mimi na wenzangu tunaiita kwapa. Hapo hakuna mteremko wa kumsaidia ubao kuponyoka. Kadiri unavyovuta ndivyo ukingo unavyozama kwapani.

Inafaa niseme pia kwamba sidhani ndevu zilibuniwa kwa ajili ya ngao. Mafundi seremala nao walikuwa na mashoka ya ndevu, kwa sababu mkono unaweza kushika mpini ndani ya kwapa, karibu kabisa na makali, mtu anapochonga ubao taratibu. Zaidi ya hayo, ndevu hurefusha makali bila kuongeza chuma kingi, kwani sehemu yote ya kwapa ni tupu. Chuma kilikuwa na thamani, na shoka jepesi hurudi haraka baada ya pigo. Kunasa ilikuwa faida iliyokuja pamoja na umbo hilo, na mpiganaji mwenye akili hangeiacha.

Faida ya makali marefu yenye chuma chembamba ni kwamba shoka linabaki kuwa la kukata. Hilo ndilo linaloutofautisha mkono wa shoka hili na ndoano ya kawaida: kifaa kilekile kinakata kikienda na kinanasa kikirudi. Mafunzo yote yanayofuata yamesimama juu ya sentensi hiyo.

Vifaa vya mazoezi

Tumia shoka la mazoezi la mpira mgumu au la mbao lenye kichwa kilichofungwa vizuri, na lenye kwapa la kina cha sentimita 4 hadi 6. Mpini wa sentimita 70 hadi 80 unafaa kwa mkono mmoja. Ukizidi hapo, kichwa kitachelewa kurudi. Usitumie shoka la chuma dhidi ya mtu, hata likiwa butu, kwa sababu ncha ya ndevu ni ndogo na uzito wote wa kichwa uko nyuma yake. Kila mmoja avae barakoa ya chuma ya kupigania vitara yenye kinga ya koo na ya kisogo, glavu nene zinazofunika vidole vyote, na kinga ya kigasha. Ngao za mazoezi ziwe na unene wa milimita 8 hadi 10 katikati na zipungue kidogo pembezoni, kwa sababu ngao nzito ya plaiwudi nene haigeuki kama ngao halisi na itakufundisha uongo.

Kunasa shingo au nyuma ya goti kunawezekana kabisa kwa shoka hili, lakini sitakufundisha kwa maandishi. Hayo yafanywe polepole mbele ya mwalimu, kwa sababu goti lililovutwa kwa nyuma halisamehi.

Hatua ya kwanza: simama na ujifunike

Nitachukulia kwamba wote wawili mnatumia mkono wa kulia. Tanguliza mguu wa kushoto, nyoosha ngao mbele kiasi cha kiwiko kubaki kimekunjwa kidogo, na uchungulie juu ya ukingo. Ngao iliyobanwa kifuani inakuacha ukiwa kipofu, na inampa mpinzani muda wa kuinasa. Shoka liwe nyuma ya ngao, mpini ukielekea juu begani, ili mwenzako asione pigo linaanzia wapi.

Angalia sasa mpangilio wa silaha. Ngao yake iko upande wako wa kulia, moja kwa moja mbele ya shoka lako. Silaha yake iko upande wako wa kushoto, mbele ya ngao yako. Kwa hiyo ngao yako ina kazi moja wakati wote wa kunasa, nayo ni kuutawala mkono wake wa silaha. Ukisahau hilo, usinase.

Hatua ya pili: piga kwanza

Usinyooshe shoka mbele kutafuta ukingo kama mtu anayengoa embe kwa upondo. Mkono ulionyooka ukitafuta kitu ni zawadi kwa mpinzani. Piga pigo la kweli kutoka juu kuelekea kichwani au begani kwake, ukipiga hatua ya mguu wa kulia. Akishindwa kuliona, pigo limefika na kazi imekwisha. Akiinua ngao, mpini wako utagonga karibu na ukingo wa juu na kichwa cha shoka kitapita nyuma ya ngao yake chenyewe, kikiwa tayari mahali pa kunasa. Yeye ndiye aliyekuletea ukingo.

Kipimo cha umbali kipo katika mlio. Mpini ukigonga ukingo, utasikia mlio mkavu wa mti kwa mti, na kichwa kiko ng'ambo. Makali yakigonga uso wa ngao, utasikia kishindo kizito, na maana yake umesimama mbali mno kwa sentimita 10 au zaidi.

Hatua ya tatu: shusha mkono

Hapa wanafunzi wengi hukwama. Baada ya kugonga, mpini umelala karibu mlalo juu ya ukingo na makali yanatazama chini. Ukivuta hivyohivyo, ncha ya ndevu itasukuma mgongo wa ngao, nayo itavutika kiasi, lakini ukingo haujaingia kwapani na unaweza kuachia. Shusha ngumi yako kama sentimita 20 kabla ya kuvuta, ili mpini ulale mshazari, ngumi ikiwa chini na kichwa kikiwa juu. Hapo ndevu zinaning'inia nyuma ya ngao, ukingo unapanda kwapani, na utahisi mkononi kigongo kidogo kama komeo la mlango likiingia mahali pake. Ukikihisi kigongo hicho, vuta.

Hatua ya nne: vuta kwa mwili

Mvuto mzuri ni mfupi, sentimita 20 hadi 30, na unatoka kiunoni. Kiwiko kibaki karibu na ubavu, kisha rudisha uzito wako kwenye mguu wa nyuma. Mkono peke yake ni mwepesi kushindwa, na mvuto mrefu unakuacha umejipinda huku shoka likiwa limefungwa katika ngao ya mtu mwingine.

Wakati uleule ngao yako inakwenda mbele. Mkono mmoja unavuta, mwingine unasukuma. Ukingo wa ngao yako ukandamize kigasha chake cha silaha au uingie kati ya silaha na mwili wake. Mwanzoni mwili utakataa kufanya mambo mawili yanayopingana, kwa hiyo rudieni mara 20 kwa mwendo wa polepole kabla ya kuongeza kasi.

Nililijua umuhimu wa jambo hili kwa maumivu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na mazoea ya kunasa ukingo wa ndani wa ngao, ule ulio karibu na silaha ya mpinzani, kwa sababu ukifunguka unaonyesha kifua chote. Siku moja niliunasa vizuri, nikavuta, na ngao yangu ikabaki imening'inia kushoto bila kazi. Mwenzangu hakuhangaika na ngao yake hata kidogo. Aliiacha iende, akanipiga kigashani kwa upanga wa mazoezi, juu kidogo ya pale kinga inapoishia. Mkono wangu ulikuwa umevuka mbele ya silaha yake, naye hakuhitaji kulenga. Kwa wiki mbili nilishika kalamu kwa shida. Tangu hapo ukingo wa ndani siunasi ila silaha yake ikiwa imeshafungwa.

Hatua ya tano: pigo linalofuata

Ngao imeinama na uso uko wazi, lakini shoka lako bado limenasa. Usiliinue kwenda juu kuanza pigo jipya, maana huo ni muda wa kutosha kwa ngao kurudi. Makali ya shoka hili yana pembe ya juu pia. Legeza mvuto, sukuma mpini mbele moja kwa moja, na pembe hiyo itaingia katika nafasi uliyoifungua kama mchomo wa mkuki. Katika mazoezi simamisha mkono kiganja kimoja kabla ya barakoa. Mchomo huo haumkati mtu kama pigo la mzunguko, lakini uso na koo havihitaji nguvu nyingi.

Kwa maoni yangu pigo bora kuliko yote ni la mtu mwingine. Sheria ya Gulating ya Norwei ilimtaka kila mwanamume huru awe na ngao, mkuki, na shoka au upanga, maana yake ni kwamba katika safu ya watu mikuki haikosekani. Mwenye shoka akiinamisha ngao kwa nusu sekunde, mwenye mkuki aliye kando yake ana muda wa kutosha, na mwenye shoka hahitaji kuachia. Zoezi la watu watatu, wawili dhidi ya mmoja, litakuonyesha hilo ndani ya dakika tano.

Ukingo wa nje: kuvuta kando

Mpinzani akishusha ngao ili kuulinda ukingo wa juu, tumia ukingo wa nje, ulio upande wako wa kulia. Piga kutoka kulia, na mpini ukipita kando ya ngao geuza kiganja kitazame juu. Makali yatatazama kushoto na ndevu zitaingia nyuma ya ukingo. Vuta kuelekea kwenye nyonga yako ya kulia. Ngao inafunguka kama mlango, na ubavu wake wa kushoto unabaki wazi. Mkono wako haujavuka mbele ya silaha yake, kwa hiyo njia hii ni salama zaidi, ingawa inahitaji umbali sahihi na hatua ndogo ya kwenda kulia.

Shoka likikwama

Kuvunja ngao kwa makali pia ilikuwa sehemu ya mapigano. Visa vya Waislandi vinaeleza pambano la wawili ambamo kila mmoja aliruhusiwa ngao tatu, na ilipoharibika moja alichukua nyingine. Makali yakipiga ukingo sambamba na nyuzi za mti, ubao hupasuka na ngozi ya ukingo ndiyo inayouzuia ufa usiendelee. Yakikata nyuzi kwa upana, huzama na kung'ang'ania.

Utajua umekwama pale kiwiko kinaporudi na kichwa kisirudi. Usivute kwa hasira. Mpinzani mzoefu ataizungusha ngao yake wakati huo na mpini utakutoka mikononi. Inua na ushushe mpini mara moja kufuata mstari wa makali, kama unavyotoa shoka kwenye gogo la kuni, nalo litaachia. Au tambua kwamba shoka lililokwama tayari limeishika ngao, basi rudi moja kwa moja kwenye hatua ya nne.

Mwenye ngao naye afanye nini

Mfundishe mwenzako kujibu, la sivyo utakuwa unajifunza kuvuta mlango usio na mtu. Jibu la kwanza ni kusukuma ngao mbele kwa nguvu mara anapohisi kigongo kwapani. Kwapa linashika tu ukingo unapovutwa. Ukisukumwa mbele kwa kasi kuliko mvuto, unatoka, na bakuli la chuma linakuja kwenye vidole vya mvutaji. Jibu la pili ni kuzungusha ngao kama usukani ili ukingo uteleze. La tatu ni kuiachia ngao ifuate mvuto huku akiingia karibu na kupiga, alivyonifanyia yule mwenzangu.

Zoezi la mwisho liwe hivi. Mshambuliaji anapiga pigo la juu mara 10. Mwenye ngao anachagua bila kutangaza: kukaa imara, kusukuma, kuzungusha, au kuingia. Mshambuliaji naye anapaswa kuhisi mkononi, si kuangalia kwa macho. Kigongo kikidumu, anavuta. Kikipotea, anaachia papo hapo na kurudi nyuma ya ngao yake. Hesabuni ni mara ngapi alivuta palipokuwa hapafai kuvuta. Kwa mwanafunzi wa mwezi mmoja huwa ni nne au tano kati ya kumi. Ikishuka hadi moja, badilishaneni nafasi, kisha anzeni upya kwa ukingo wa nje.